Meseji Zinaenda, Picha Zinagoma

Simu iliyonunuliwa Kariakoo ikitiwa laini ya Marekani, mara nyingine huleta kisa hiki: meseji za kawaida zinakwenda na kurudi, intaneti inafunguka, lakini picha haziendi, na ujumbe wa kikundi cha wazazi wa shule haufiki. Mwenye simu hulaumu mtandao. Mtandao ungekuwa mbovu, intaneti nayo ingeyumba.

Meseji ya kawaida, yaani SMS, haihitaji data. Ina nafasi ya baiti 140 tu, na hubebwa na mawasiliano ambayo simu na mtandao huwa nayo wakati wote. Picha haienei humo, hivyo hupita njia ya MMS. Simu hufungua data na kuipeleka picha kwenye seva ya kampuni ya simu, iitwayo MMSC. Seva humtaarifu mpokeaji kwa ujumbe mdogo kwamba ana mzigo, kisha simu yake huufuata kwa data. Ujumbe wa kikundi, hata wa neno moja, kwa kawaida hupita huko huko, kwa kuwa SMS huenda kwa mtu mmoja mmoja, ilhali MMS hubeba orodha nzima ili kila mtu awajibu wote.

Kwa hiyo ukiona ujumbe unaokutaka upakue, nawe ukibonyeza haufunguki, taarifa imefika salama. Kilichokwama ni safari ya kuufuata mzigo. Waifai haisaidii hapa, kwani seva hiyo kwa kawaida hufikiwa kupitia data ya laini yenyewe.

Anza kwa kuzima waifai na kuwasha data. Kisha tuma neno moja kwa kikundi. Jaribio hili ni bora kuliko picha, maana picha huweza kukataliwa kwa ukubwa wake tu. Neno likigoma, fungua mipangilio ya laini, sehemu ya `Access Point Names`. Kwa laini ya T-Mobile ya Marekani, mistari inayohusika ni hii:

```
APN: fast.t-mobile.com
MMSC: http://mms.msg.eng.t-mobile.com/mms/wapenc
APN type: default,supl,mms
```

Mstari wa tatu ndio unaosahaulika. Neno `default` hufungua intaneti ya kawaida. `mms` likikosekana, simu haina ruhusa ya kuitumia njia hiyo kwa picha, na intaneti itaendelea kufanya kazi kana kwamba hakuna kasoro. Mstari wa pili ukiwa mtupu, simu haijui seva iko wapi.

Kampuni ndogo zinazokodi minara ya wakubwa huwa na anwani zao, kwa hiyo chukua za kampuni iliyokuuzia laini. Piga picha mipangilio ya zamani, hifadhi mipya, ichague, kisha zima simu na kuiwasha. Ukija kubonyeza `Reset to default`, ulichoandika kitafutika.