Doti ya Kugawana

Soko la Tandika, kule Temeke, kuna mama muuza kanga asiyependa mteja wa haraka. Mwambie unamtafutia shoga yako aliyeachika, atazisogeza pembeni kanga zote zinazotaja mapenzi, mume au wivu. Hapo bado hajaonyesha ujuzi. Ujuzi uko kwenye zilizobaki. "Subira yavuta heri" anairudisha kwenye rundo, maana mwenzako kavumilia mpaka kachoka, na kumpa subira leo ni kumsuta kwamba ndoa ilivunjika kwa kukosa kwake uvumilivu. Akifika kwenye "Nani kama mama" anakuuliza kwanza: watoto anao, au wamebaki kwa baba yao? Kama wamebaki, jina hilo litamchoma. Mwishowe anakufunulia "Wema hauozi."

Anajua kuwa jina la kanga halisomwi na aliyejifunga. Limekaa juu ya pindo la chini, na kiunoni huangukia nyuma, likasomwa na wanaomfuata njiani. Kwa hiyo unachagua maneno ambayo shoga yako angependa mtaa uyasome, mtaa ambao umeshamsema vya kutosha.

Kisha fundi cherehani anaikata doti katikati na kuipinda. Kipande kimoja chake, kingine chako. Mkienda pamoja shughulini mko sare, na hakuna atakayemwona amekuja peke yake.

Jirani yetu mmoja wa Mbagala alirudi kwa mama yake na begi moja. Vyombo vya kitchen pati yake vilibaki kule alikotoka. Wenzake, kwa nia njema, wakamletea seti mpya ya masufuria. Akayasukuma uvunguni, kwani jiko lilikuwa la mama yake, na kila sufuria lilimkumbusha lile aliloacha. Shangazi yangu alipeleka kanga iliyokwisha kufuliwa ikatoka wanga, ikafukizwa udi. Kwenye ncha alifunga fundo, ndani yake shilingi 50,000. Hakulitaja. Fundo lilionekana mgeni akiwa ameshaondoka, kwa hiyo hapakuwa na kukataa, kushukuru kwa machozi, wala kueleza shida. Pesa ile ikawa ngano, sukari na mafuta ya kuanzia maandazi.

Siku hizi tunatuma muamala kwa simu na neno "pole", tukaona tumemaliza. Kanga nayo hununuliwa bajaji ikisubiri, kwa kutazama rangi tu, na jina linakuja kusomwa na mpokeaji, peke yake chumbani. Waliokuwa wakijua kuchagua wanazidi kupungua, nasi hatukai nao tukajifunza.

Basi ndugu yangu, kabla hujalipa, ikunjue kanga yote. Soma jina lake kwa sauti, kisha jiulize kama wewe, ukiwa umeachika jana, ungekubali kupita nalo mtaani kwenu.