Riba Iliyovimba, Faida Isiyovimba: Uhakiki wa Hoja ya Modigliani na Cohn Kuhusu Mfumuko wa Bei na Thamani ya Hisa

Mwaka 1979 Franco Modigliani, mwanauchumi wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, na mwenzake Richard Cohn walichapisha makala katika jarida la wachambuzi wa fedha nchini Marekani. Makala hayo yalidai jambo ambalo si rahisi kulisema mbele ya watu wa fedha, kwamba wawekezaji wa nchi hiyo pamoja na washauri wao walikuwa wakikosea hesabu, na kwamba kwa sababu ya kosa hilo hisa zilikuwa zikiuzwa kwa takribani nusu ya thamani yake. Hali ya soko la wakati huo iliwapa pa kuanzia. Kipimo cha hisa cha Dow Jones kilivuka 1,000 kwa mara ya kwanza mwaka 1972, lakini mwisho wa mwaka 1978 kilikuwa kimeshuka hadi karibu 805, ilhali bei za bidhaa katika muda huo zilikuwa zimepanda kwa zaidi ya nusu. Hisa ni umiliki wa viwanda, majengo na bidhaa, yaani vitu vinavyopanda bei pamoja na vingine. Kwa nini basi zilianguka?

Jibu la waandishi hao linategemea kanuni ambayo kila mwanafunzi wa fedha hufundishwa mapema. Mtiririko wa fedha ulioandikwa kwa bei za miaka husika, ukiwa na mfumuko wa bei ndani yake, hupunguzwa kwa kiwango tajwa cha riba, ambacho nacho kina mfumuko ndani yake. Mtiririko halisi, yaani ulioandikwa kwa bei za mwaka wa kuanzia, hupunguzwa kwa kiwango halisi. Viwango hivyo viwili huunganishwa na uhusiano unaonasibishwa na Irving Fisher: moja jumlisha kiwango tajwa ni sawa na moja jumlisha kiwango halisi, mara moja jumlisha mfumuko. Kwa mujibu wa Modigliani na Cohn, soko lilivunja kanuni hiyo kwa kuchukua faida isiyo na mfumuko na kuipunguza kwa riba yenye mfumuko.

Ili kuupima uzito wa dai hilo, tuchukue kampuni ya kubuni isiyo na deni, isiyotozwa kodi, na inayowagawia wenye hisa dola 100 kila mwaka bila kikomo, kwa bei za leo. Kiwango halisi ni asilimia 5. Pasipo mfumuko, thamani yake ni 100 ÷ 0.05, yaani dola 2,000. Sasa bei zianze kupanda kwa asilimia 10 kwa mwaka. Kiwango tajwa kinakuwa 1.05 × 1.10 = 1.155, yaani asilimia 15.5. Gawio la mwaka wa kwanza ni dola 110, la pili 121, na huendelea kukua kwa asilimia 10. Thamani ya mtiririko unaokua hivyo ni 110 ÷ (0.155 − 0.10), nayo ni dola 2,000 zilezile. Hakuna kilichobadilika katika kampuni, na hesabu haikubadilika. Mchambuzi mwenye haraka, hata hivyo, huiona riba ya hatifungani imefika asilimia 15.5, akachukua faida ya leo ya dola 100, akagawanya. Anapata dola 645. Mali ya dola 2,000 imepoteza theluthi mbili ya thamani yake kwenye karatasi, na bei za sokoni huanzia kwenye karatasi.

Hapa inafaa kuongeza angalizo dogo. Wengi hujumlisha tu asilimia 5 na 10 wakapata 15, wakidhani nusu asilimia iliyobaki haina madhara. Katika mfano huu, kiwango cha asilimia 15 kinatoa 110 ÷ 0.05, yaani dola 2,200, ambayo ni kosa la asilimia 10. Mfumuko ukiwa mdogo ukaribiaji huo unavumilika. Ukiwa mkubwa hauvumiliki.

Swali ambalo msomaji ana haki ya kuliuliza ni hili: inawezekanaje watu wenye ujuzi wakosee jambo jepesi kiasi hicho? Kwa maoni yangu sehemu hii ndiyo yenye nguvu zaidi katika hoja ya Modigliani na Cohn. Riba hutangazwa ikiwa tayari imevimba. Hakuna anayehitaji kuiongezea kitu. Faida ya baadaye haitangazwi na mtu. Ni lazima mchambuzi mwenyewe aivimbishe, na asipofanya hivyo hakuna kitu kitakachomshtua. Kwa hiyo upande mmoja wa hesabu hujirekebisha wenyewe na mwingine husubiri mkono wa mtu. Ndiyo sababu pia mtu yuleyule anaweza kuikadiria hatifungani kwa usahihi na hisa kwa makosa: malipo ya hatifungani yameandikwa kwa fedha isiyobadilika, na kuyapunguza kwa riba tajwa ni sahihi. Kosa hilohilo huonekana katika michanganuo ya miradi ya kwetu, ambapo bei za mazao huachwa kama zilivyo leo kwa miaka kumi mfululizo, kisha kiwango cha punguzo kinachukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye riba ya mkopo wa benki. Mradi wa mahindi unaweza kuponea chupuchupu, kwa kuwa fedha yake hurudi mapema. Mradi wa mitiki hauponi, kwa sababu kosa hujirudia kila mwaka hadi siku ya kuvuna.

Waandishi hao walitaja na kosa la pili, linalohusu deni. Turudi kwenye kampuni yetu, safari hii ikiwa na deni la dola 1,000. Pasipo mfumuko inalipa riba ya 50 na kubaki na faida ya 50. Katika mfumuko wa asilimia 10, mapato yake ni 110 na riba ni 155, hivyo vitabu vinaonyesha hasara ya 45. Lakini katika ile riba ya 155, sehemu kubwa si gharama ya kukopa bali ni fidia kwa mkopeshaji, ambaye dola zake 1,000 zinapungua uwezo wa kununua. Ili deni hilo libaki na uzito uleule mwisho wa mwaka, lingepaswa kufikia 1,100. Halikufikia. Kampuni imepata nafuu ya 100 ambayo vitabu haviioni. Hasara ya 45 ukiijumlisha na nafuu hiyo unapata faida ya 55, ambayo ni zile 50 za awali kwa bei mpya. Anayesoma faida ya vitabu peke yake anadhani biashara imekufa.

Kufikia hapo sina ugomvi na waandishi. Ugomvi wangu uko kwenye sharti lililobeba hesabu yote ya kwanza, lile linalosema kwamba mtiririko halisi haubadiliki mfumuko unapopanda. Kanuni ya kulinganisha mtiririko na kiwango chake haidai hivyo. Inadai tu kwamba mtiririko wowote uliopo, uwe umeguswa na mfumuko au la, upunguzwe kwa kiwango cha aina yake. Martin Feldstein, katika makala yake ya mwaka 1980 kuhusu mfumuko na soko la hisa, alionyesha njia ambayo mfumuko huigusa kampuni kwa kweli, nayo ni kodi inayokokotolewa kwa gharama za zamani.

Tuseme mashine inanunuliwa kwa dola 1,000, inatumika miaka minne, na kila mwaka inaingiza dola 300 kwa bei za leo kabla ya kodi. Kodi ni asilimia 30, na sheria inaruhusu uchakavu wa 250 kwa mwaka. Mapato baada ya kodi ni 210 kwa mwaka, na uchakavu unaokoa kodi ya 75. Pasipo mfumuko, kwa asilimia 5, mapato yana thamani ya sasa ya 745 na nafuu ya kodi 266. Jumla ni 1,011, na mradi unapita kwa dola 11. Mfumuko ukiwa asilimia 10, mapato hupanda pamoja na bei na thamani yake hubaki 745. Ile 75 haipandi, kwa kuwa imefungwa kwenye bei ya mashine siku iliponunuliwa. Inapaswa kupunguzwa kwa asilimia 15.5, na thamani yake inakuwa 212. Jumla ni 957. Mradi unakataliwa kwa upungufu wa 43.

Anayependa kufanya kazi kwa thamani halisi atapata jibu hilohilo, mradi akumbuke kuipunguza ile 75 kwanza kwa mfumuko: 68.2 mwaka wa kwanza, 62.0 wa pili, 56.3 wa tatu na 51.2 wa nne, kisha asilimia 5. Akiisahau, akaweka 75 kila mwaka na kuipunguza kwa asilimia 5, atakuwa ameandika neno “halisi” juu ya jedwali zima huku mstari mmoja ukiwa tajwa. Kosa hili ni gumu kulitambua kuliko lile la mwanzo, na linaelekea upande wa pili: la kwanza linaua miradi mizuri, hili linapitisha mibaya. Namna ya kulitambua ni kubadilisha mfumuko kutoka sifuri hadi kumi na kutazama kila mstari peke yake, ukiuliza ni mkataba au sheria gani inayoufanya upande au usipande. Kodi ya pango iliyofungwa kwa miaka mitano haipandi. Mshahara unapanda, ingawa kwa kuchelewa.

Ni haki kusema kwamba Modigliani na Cohn hawakuisahau kodi. Walijibu kwamba hasara ya uchakavu hufidiwa na riba, kwa kuwa ile sehemu ya riba iliyo fidia ya mfumuko nayo hutolewa kwenye faida kabla ya kodi. Jibu hilo lina ukweli wa wastani tu. Mashine yetu ikinunuliwa kwa mkopo wa 500 unaorudishwa mwisho wa mwaka wa nne, nafuu ya kodi kwenye riba inaongezeka thamani kutoka karibu 27 hadi karibu 66. Dola 39 zimerudi kati ya 54 zilizopotea kwenye uchakavu. Kampuni isiyo na mkopo haikurudishiwa chochote, na yenye mkopo mkubwa zaidi imepata faida. Kwa hiyo kushuka kwa bei ya hisa za kampuni moja wakati wa mfumuko hakuwezi kuhesabiwa kuwa kosa la wawekezaji kabla ya kuujua muundo wa mali na madeni yake.

Utafiti wa John Campbell na Tuomo Vuolteenaho wa mwaka 2004 uliwaunga mkono Modigliani na Cohn kwa soko zima la Marekani, kwa kuonyesha kwamba sehemu ya bei isiyoelezwa na matarajio ya gawio wala na hatari huenda kinyume na mfumuko. Ninaukubali kama ushahidi kwamba udanganyifu wa fedha ulikuwepo. Kiasi chake ni suala jingine. Ile nusu ya thamani iliyotajwa mwaka 1979 ilipatikana kwa kuihesabu kodi kana kwamba imejifuta yenyewe, na katika mfano wetu wa mkopo wa 500 dola 15 kati ya 54 hazikujifuta.