"Tumeshapoa"

Zoezi la kwanza ninalowapa wafariji wapya wa kigango chetu halihitaji daftari. Tunatandika mkeka, mmoja anajifunga khanga kichwani na kuwa mfiwa, mwenzake anakuja kumhani. Anapiga hodi, anavua viatu, anatoa shikamoo, anasema "Pole sana, mama," kisha anakaa. Kuanzia hapo ninashika saa: dakika tatu bila neno.

Wachache wanafika mwisho. Nusu dakika haijatimia, mfariji anaanza kuchokonoa nyuzi za mkeka. Anatazama mlango, anakohoa, halafu mdomo unafunguka wenyewe na linalotoka ni lile lile: "Kazi ya Mungu haina makosa."

Sina ugomvi na imani iliyo ndani ya maneno hayo. Ninachowauliza ni nani anayeyasema, na kwa nani. Mfiwa akiyatamka mwenyewe, ni ungamo lake, nasi tunaitikia kwa kichwa. Mgeni akimwambia, hapo anamfunga mdomo, maana atakayelia baada ya hapo ataonekana anamkosoa Mungu. "Mungu alimpenda zaidi" ni baya kuliko hilo. Mama mmoja aliyezika kichanga alinijibu taratibu, "Kwani mimi sikumpenda?" Nilikuwa nimelisema mimi, kwa nia njema kabisa, na jibu sikuwa nalo. Tangu siku hiyo kwetu mama wa namna hiyo haambiwi "utapata mwingine" wala "bado kijana." Anaulizwa kama mtoto alikuwa amepewa jina, na akilitaja, sisi pia tunalitumia jina hilo.

Kitabu cha Ayubu kinatusaidia sana hapa. Rafiki zake walikaa naye chini siku 7, mchana na usiku, bila kumwambia neno. Ule ulikuwa ufariji. Waliharibu walipoanza kumweleza sababu.

Ndiyo maana tunakataza pia maswali ya sababu. "Alikuwa anaumwa nini?" na "Kwani hamkumpeleka hospitali mapema?" humrudisha mfiwa kwenye kesi ambayo tayari anajishtaki usiku kucha. Barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa inapita Mikumi katikati ya hifadhi, na ajali huleta vifo ambavyo nyumba haikuvitarajia hata kwa saa moja. Hapo kila mgeni anataka kujua gari lilikuwa linatoka wapi na nani alikuwa na makosa. Mfariji aliyefundishwa vizuri hagusi jambo hilo. Anasema, "Nimekuja kukaa na wewe," na mfiwa akitaka kusimulia ajali, anasikiliza mpaka mwisho, hata kama ni mara ya nne.

Huku kwetu Kilosa kuna adabu ambazo mgeni asipozijua atajikwaa mlangoni. Wakaguru, Wasagara na Waluguru hufuata ukoo wa upande wa mama, kwa hiyo mwenye neno msibani huenda akawa mjomba, wala si yule mzee anayeonekana kuwa mkubwa wa nyumba. Tunauliza kwanza, tunampa mjomba pole, ndipo tunaingia kwa mjane. Watani nao watakuja kumwigiza marehemu na kumchambua mbele ya watu. Mfariji asiwakemee, wana kazi yao ya miaka mingi.

Halafu familia nyingi huku zina Waislamu na Wakristo chini ya paa moja. Mjane Mwislamu aliye katika eda atakaa miezi 4 na siku 10, kama si mjamzito, kwa hiyo wanakwenda kinamama, nao wanasema "Mwenyezi Mungu amrehemu" bila kuanzisha sala yetu. Tunabeba chakula kilichokwisha kupikwa. Waislamu wanakumbuka kwamba Jaafar alipouawa vitani Muuta, Mtume aliagiza watu wa nyumba ya Jaafar wapikiwe, kwa kuwa walikuwa na la kuwashughulisha.

Lakini kazi yenyewe inaanza turubai likishaanuliwa. Siku za matanga nyumba imejaa, kuna moto, kuna masufuria ya watu. Wiki ya pili mjane anabaki na viti vya kuazima ambavyo hajavirudisha. Sisi tunakwenda wawili wawili wiki ya pili, kisha siku ya arobaini, kisha mwezi wa tatu. Hatukai zaidi ya nusu saa. Hatusemi "ukihitaji chochote utatuambia," maana hakuna mfiwa anayesema. Tunasema, "Alhamisi saa mbili asubuhi nitakuja na ndoo mbili za maji," na Alhamisi saa mbili tunafika.

Nichukue nyumba moja, upande wa Ulaya, kwenye njia ya Kilosa kwenda Mikumi. Baba alifariki ajalini, akaacha mke na mtoto wa miaka 6. Wiki ya pili wafariji wetu walipofika, mjane alijibu kila pole kwa neno la adabu tunalolijua sote: "Tumeshapoa." Mmoja alizungumza naye, mwenzake alitazama nyumba. Akamwona mtoto amekaa barabarani, kila pikipiki ikipita anasimama. Alikuwa ameambiwa baba amesafiri.

Hawakumfuata mtoto kumweleza. Hilo si la mgeni. Walimuuliza mama kama angependa wamsaidie kupata maneno, akakubali, wakayafanyia mazoezi uani, sentensi fupi fupi. "Baba amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui, hasikii maumivu. Tumemzika. Hatarudi. Si kosa lako, na mimi nipo." Mara mbili mama alikwama kwenye "hatarudi," nao hawakumkamilishia. Tunaepuka "amelala" kwa sababu hiyo hiyo ya "amesafiri": mtoto anaweza kuogopa kitanda, au kumngoja mtu ambaye hatakuja. Jioni mama alimwambia mwenyewe, bibi akiwa kando. Mtoto akauliza nani sasa atamnunulia daftari. Wengine walidhani hajaelewa. Alikuwa ameelewa kabisa.

Yapo tusiyoyaweza, na mfariji lazima ayajue kabla ya kutoka ukumbini. Hatushiki fedha za rambirambi, hatuingii kwenye mirathi. Mfiwa akisema anatamani kumfuata marehemu, hatumjibu "usiseme hivyo." Tunamuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali halimpandikizii wazo, linampa nafasi ya kusema lililomo. Akisema ndiyo, hatumwachi peke yake hata dakika moja, tunamwita ndugu anayemwamini na tunakwenda naye kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mwezi wa tatu wale wawili walirudi Ulaya. Mjane alikuwa anapepeta mchele. Mkubwa wao alikaa chini, akasema "Pole, mama," akanyamaza. Ungo uliendelea kwa muda, ukasimama. Mjane alitazama pumba zilizomwagika miguuni pake, akasema, "Bado, dada. Sijapoa."

Yule dada akasogea karibu kidogo kwenye mkeka, akaanza kuokota chenga naye.