Mililita Sita, Si Tano: Kulifungua Swali la Artesuneti

Swali lenyewe ni fupi. Mtoto wa kilo 14 ana malaria kali. Una artesuneti ya unga, miligramu 60 katika kichupa, pamoja na ampuli ya mililita 1 ya sodiamu baikaboneti ya asilimia 5 na ampuli ya mililita 5 ya salaini ya asilimia 0.9. Dozi itapitia mshipa wa damu. Atapewa mililita ngapi?

Jibu ni mililita 4.2. Kwenye karatasi za mtihani, hata hivyo, jibu la 3.5 hujitokeza mara nyingi, na wanaoliandika huwa wamegawanya na kuzidisha bila kosa lolote. Tatizo lao linaanza mapema zaidi, kwenye kichupa.

Tuanze na dozi. Shirika la Afya Duniani linaelekeza mtoto aliye chini ya kilo 20 apewe miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito, na mwenye kilo 20 au zaidi apewe miligramu 2.4 kwa kila kilo. Zamani kiwango kilikuwa 2.4 kwa wote. Kilipandishwa kwa watoto wadogo, na kuingia kwenye mwongozo wa 2015, baada ya kuonekana kwamba kwa dozi ileile kwa kilo, damu yao ilikuwa na dawa kidogo kuliko ya watu wakubwa. Kwa hiyo mtoto wetu anahitaji 14 × 3, yaani miligramu 42. Mtahini anayetaka kujua kama umesoma mwongozo mpya atakupa uzito ulio karibu na mpaka. Mtoto wa kilo 19 anapata miligramu 57 na wa kilo 20 anapata 48. Ukiona mdogo amepata dawa nyingi kuliko mkubwa, usirudi kufuta jibu. Ndivyo mpaka ulivyo.

Sasa kichupa. Unga wa artesuneti hauyeyuki vizuri kwenye maji, ndiyo maana kuna vimiminika viwili. Kwanza unatia mililita 1 ya baikaboneti, unatikisa mpaka unga wote uyeyuke na kimiminika kiwe angavu. Kikibaki na ukungu au mashapo, hakitumiki. Kisha unaongeza mililita 5 za salaini ili kuzimua. Ndani ya kichupa sasa kuna mililita 6, na miligramu zilezile 60. Ukolezi ni 60 ÷ 6, yaani miligramu 10 katika kila mililita. Miligramu 42 ukizigawa kwa 10 unapata mililita 4.2.

Aliyeandika 3.5 aligawa 60 kwa 5. Aliona hatua ya mwisho inasema ongeza mililita 5, akaichukua 5 kama ujazo wa dawa nzima, akapata ukolezi wa miligramu 12 kwa mililita, kisha akagawa 42 kwa 12. Kumbuka kwamba kichupa hakikubadilika kwa sababu ya hesabu yake. Ukolezi wa kweli umebaki 10, kwa hiyo mililita 3.5 zitambebea mtoto miligramu 35 tu. Hiyo ni miligramu 2.5 kwa kilo, karibu kabisa na kiwango cha zamani tulichokwisha kukiacha, na mtoto mwenyewe ana malaria kali.

Kosa hili mwanafunzi anaweza kulikamata mwenyewe, bila kitabu, kabla ya kukabidhi karatasi. Zidisha ukolezi ulioupata kwa ujazo wote ulio kwenye kichupa. Lazima upate kiasi cha dawa kilichokuwamo tangu mwanzo, kwa kuwa kimiminika kinaongeza ujazo tu, hakiongezi dawa. Kumi mara 6 ni 60, sawa. Kumi na mbili mara 6 ni 72, na hakuna kichupa cha miligramu 60 kinachoweza kutoa 72. Wengi wanapohakiki hurudi nyuma kwa kuzidisha mililita kwa ukolezi wao wenyewe: 3.5 mara 12 ni 42, wanaridhika. Uhakiki huo unathibitisha kwamba umegawanya vizuri, lakini hauwezi kukuonyesha kwamba ukolezi wako ni wa uongo.

Kama swali lingesema dawa ichomwe kwenye msuli, salaini ingekuwa mililita 2 badala ya 5. Ujazo wa mwisho ungekuwa 3, ukolezi miligramu 20 kwa mililita, na dozi ileile ingekaa kwenye mililita 2.1.

Kosa hilohilo linakuja kwa sura nyingine kwenye maswali ya klorini. Jik ya asilimia 3.5 inatakiwa izimuliwe hadi asilimia 0.5 ya kusafishia damu iliyomwagika. Gawa 3.5 kwa 0.5, unapata 7. Hapo wengi huandika sehemu 1 ya Jik na sehemu 7 za maji. Lakini 7 ni jumla ya sehemu zote, Jik ikiwamo, kwa hiyo maji ni sehemu 6. Ukiweka 7 utapata sehemu 8, na ukolezi utashuka hadi karibu asilimia 0.44. Ukipenda fomula ya C1V1 = C2V2, itumie, mradi V2 iwe ujazo wote uliomo kwenye ndoo mwishoni. Maji ya kuongeza ni V2 ukitoa V1, na kutoa huko ndiko kunakosahaulika.

Uwiano nao unahitaji kusomwa kwa uangalifu. Adrenalini ya 1:1000 ni gramu 1 ndani ya mililita 1000 za myeyusho kamili, yaani miligramu 1 kwa mililita. Hapo namba ya pili ni jumla. Lakini mhudumu wa usafi akisema changanya moja kwa sita, namba ya pili ni maji peke yake. Ukiombwa kupata 1:10,000 kutoka 1:1000, unahitaji ujazo wa mwisho mara kumi, hivyo mililita 1 ya adrenalini inapokea mililita 9 za salaini. Ukitia 10, utakuwa na mililita 11.

Kuna unga unaochukua nafasi yake mwenyewe kwenye kimiminika, hasa baadhi ya viuavijasumu. Swali litakupa namba hiyo, na usiiache ikae bure. Ikiwa gramu 1 ya unga inachukua mililita 0.6 na unatakiwa kupata miligramu 250 kwa mililita, ujazo wa mwisho ni 4, na maji ya kutia ni 3.4. Kwa artesuneti, maelekezo ya kutayarisha yanahesabu vimiminika tu.

Limebaki jambo la kukadiria. Majedwali ya wodini ya dozi za artesuneti hupandisha hadi mililita kamili inayofuata, kwa hiyo mtoto wa kilo 14 huonekana kwenye mililita 5. Kwenye mtihani andika 4.2, isipokuwa swali limeagiza kukadiria. Ukiulizwa na idadi ya vichupa, angalia ujazo kabla ya kujibu kimoja. Mtoto wa kilo 26 anahitaji miligramu 62.4, ambazo ni mililita 6.24. Kichupa kimoja kina mililita 6. Atafunguliwa viwili, na kwa kuwa dawa iliyokwisha kuyeyushwa inapaswa kutumika ndani ya saa moja, mabaki hayawekwi kusubiri dozi ya saa 12 baadaye.