Travai ya kikundi, zero ya watu wote

Wenzangu walisansi, na ninyi ambao mungali mu oditware, leo nakosoa desturi moja. Mtu mmoja mu kikundi anatoa kurasa zake ku ChatGPT, asistanti anagundua, watu wote sita wanapata zero. Tunaambiwa: «Mlitia majina pamoja, mtaanguka pamoja.» Hukumu hiyo ni nyepesi kwa mwenye kusahihisha, lakini inachanganya makosa mawili.

Tuchukue mfano wa travai ya muhogo. Wanafunzi sita wa Kasongo wamepanda mashamba madogo ya mita 5 kwa 4, mche mmoja kila mita, ndiyo miche 20. Kila mmoja ana sehemu yake ya rapo. Mwenye matokeo anaandika: shamba moja limetoa kilo 36 za mizizi. Gawanya kwa mita za mraba 20, unapata kilo 1.8, zidisha kwa 10,000, ndiyo tani 18 kwa hektari. Lakini sehemu ya majadiliano inasema tani 25. Tena inasema mvua inanyesha mwezi wa tatu hadi wa tano, inakatika, inarudi mwezi wa kumi. Hiyo ni kalenda ya Nairobi. Huku kusini mwa Maniema, kiangazi ni mwezi wa sita hadi wa nane, na mwezi wa kwanza mvua ingali inanyesha.

Kosa la kwanza ni kuleta maneno ambayo hukuyafikiri. Hilo ni la mtu mmoja. Kosa la pili ni kuacha tani 18 na tani 25 zikae mu rapo moja. Hilo ni la kila mtu aliyepata nafasi ya kusoma. Ni dogo kuliko la kwanza, lakini lipo.

Sasa, nani alipata nafasi? Hapa ndipo waalimu wengi hawaangalii. Kwetu ordinatere ni moja kwa kikundi, ama hakuna, na rapo inapelekwa ku saisi usiku wa mwisho. Mwenzenu mwingine amerudi Kabambare, rezo inakamata saa moja kwa siku. Kama rapo ilitumwa ku Watsapu siku tatu mbele, mwenye kuifungua na kunyamaza ana sehemu yake ya lawama. Kama ilitoka ku saisi asubuhi ya kutoa, yule wa Kabambare atalaumiwa kwa kitu gani? Tarehe ya ujumbe iko ku simu. Asistanti aiombe.

Wengine wanasema mashine ya kugundua itamaliza shida. Haitamaliza. Kampuni ya OpenAI yenyewe iliondoa chombo chake cha kugundua mwaka 2023, kwa sababu hakikuwa kinapatia vizuri. Mwaka ule ule, watafiti wa Stanford walionyesha kwamba vyombo vya namna hii vilishuku zaidi ya nusu ya insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kuzaliwa. Sisi tunaandika Kifaransa cha masomo. Tuogope hukumu ya namna hiyo.

Njia ya haki ni kuuliza. Dakika tatu kwa kila mtu, maswali mawili: moja juu ya sehemu yake, lingine juu ya mahali sehemu yake inapogusana na ya mwenzake. «Tani 25 umezipata wapi? Mulipima mizizi na nini?» Kikundi cha sita ni dakika 18, vikundi kumi ni saa tatu. Ni kazi, ndiyo, lakini inawezekana hata mu promosheni kubwa. Na mwanafunzi aruhusiwe kujibu kwa Kiswahili. Aliyeng'oa muhogo kwa mikono yake anaweza kukwama mu Kifaransa na kueleza yote vizuri mu Kiswahili. Aleteni na daftari la shamba: namba zilizoandikwa palepale, na udongo ku kurasa, ni ushahidi.

Kisha pointi zigawanywe. Ku 20, weka 12 kwa sehemu ya kila mmoja na 8 kwa rapo nzima. Mu mfano wetu, mwenye majadiliano anapata zero ku 12 zake. Ku zile 8, waliofungua rapo mapema, naye pia, wanabaki na 5. Yule wa Kabambare ambaye hakuiona anahukumiwa kwa sehemu yake tu, na pointi zake zinarudishwa ku 20.

Njia hii ina mpaka wake. Mtu anaweza kukariri maandishi ya mashine na kujibu vizuri. Lakini akiweza kurudia ile hesabu ya kilo 36 mbele ya asistanti na kusema kwa nini 25 haiwezekani, basi somo lenyewe amelipata. Mugawanyo huu utangazwe siku ya kwanza ya travai, mbele ya kupanda. Ukitangazwa baada ya rapo, wanafunzi watauona kama malipizi.