"Kisukari" Kisicho na Sukari: Uhakiki wa Istilahi Moja ya Tiba

Mfasiri akutanapo na ugonjwa uitwao dayabetisi insipidasi huvutwa upesi kuandika "kisukari kisicho na sukari". Kwa maoni yetu, istilahi hiyo inajipinga yenyewe. Dayabetisi ni neno lenye asili ya Kigiriki, nalo huashiria kupitisha, kama bomba lipitishavyo maji. Insipidasi ni la Kilatini, maana yake ni kutokuwa na ladha. Sukari haimo katika lolote kati ya hayo. Ugonjwa ule mwingine tuliuita kisukari kwa sababu ya sukari iliyomo, si kwa sababu ya wingi wa mkojo.

Tuutazame ugonjwa wenyewe. Vasopresini ni homoni itengenezwayo katika hipothalamasi na kutolewa na tezi ya pituitari. Kazi yake ni kuiamuru figo ifungue vijia vya maji katika mirija yake ya mwisho, ili maji yarudi mwilini. Homoni ikikosekana, au figo isipoitii, maji hupita tu, na mgonjwa hukojoa zaidi ya lita 3 kwa siku za mkojo uliozimuka. Kwake yeye kiu ni matokeo. Lakini yupo pia mtu ambaye kunywa kupita kiasi ndiko chanzo, na mkojo wake hufanana na huo.

Kipimo cha kuzuia maji huwatenganisha watu hao. Tuchukue mfano wa mtu mwenye kilo 60, aliyezuiwa kunywa huku akipimwa uzito mara kwa mara. Baada ya saa 7 amepungua kilo 1.6, akikaribia asilimia 3, ambayo ni mpaka wa usalama. Ukolevu wa damu yake umepanda hadi miliosmoli 302 kwa kilo, lakini mkojo uko 120 tu. Figo zenye afya, au za mnywaji wa mazoea, kwa kawaida zingeukoleza kupita 600. Apewapo desmopresini, mkojo wafika 640: figo ni sikivu, homoni ndiyo iliyokosekana. Ungalibaki karibu na 120, figo ndizo zingalikuwa kaidi. Mkojo ukikomea kati ya 300 na 600 kabla ya dawa, hukumu si wazi, kwani unywaji wa muda mrefu nao hudhoofisha uwezo wa figo wa kukoleza.

Kwa hiyo mfasiri asiandike tu "mgonjwa anyimwe maji". Pasipo mizani na uangalizi, agizo hilo laweza kuua.

Mwaka 2022 jopo la kimataifa la wataalamu lilipendekeza jina la zamani liachwe, kwa kuwa wagonjwa wamedhuriwa kwa kuchanganywa na wenye kisukari: sukari hupimwa, huonekana sawa, na desmopresini husahauliwa. Nasi twapendekeza istilahi mbili: "upungufu wa vasopresini" na "ukinzani wa figo kwa vasopresini". Ni ndefu, lakini kila moja yataja kile ambacho kipimo kimekigundua.