Jiwe Moja, Picha Mbili

Tangu Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa Juni 2025, wasafiri wengi wanaipita Busisi ndani ya gari. Zamani kivuko kilikulazimisha kusubiri, na anayesubiri huishia kuyatazama mawe: yale majabali ya graniti ya Mwanza, mengine ufukweni, mengine yamesimama majini peke yake. Jabali la majini unaweza kulipima urefu na umbali wake bila kulowesha mguu. Unahitaji kamera moja, futikamba, pimamaji, na subira kuliko vyote hivyo.

Nyoosha kidole mbele ya uso, fumba jicho moja, kisha fumba la pili. Kidole kinaruka, ng'ambo haijongei. Kidole kikiwa karibu kinaruka sana; kikiwa mbali, kidogo. Mruko huo huitwa paralaksi, na fotogrametria ya picha mbili ni kazi ya kuupima mruko huo na kuugeuza kuwa mita.

Tuseme kamera yako ina lenzi ya milimita 50, na sensa yenye upana wa milimita 36 iliyogawanywa katika pikseli 6,000. Kila pikseli basi ina upana wa milimita 0.006, na zile milimita 50 za lenzi ni sawa na pikseli 8,333. Piga vigingi viwili ufukweni, mita 6 kati yake, ukivuta futikamba hadi ikaze. Hizo mita 6 ndizo msingi wa hesabu, na ndicho kipimo pekee cha kweli unachochukua kwa mkono. Ukikosea hapo kwa asilimia moja, kila utakachokipata baadaye kitakosewa kwa asilimia moja, na picha zenyewe hazitakuonyesha dalili yoyote.

Piga picha ya kwanza kwenye kigingi cha kushoto, ya pili kwenye cha kulia. Sasa tafuta alama moja ya jabali katika picha zote mbili, mathalani pale mipasuko miwili inapokatana. Ikiwa katika picha ya kulia alama hiyo imesogea pikseli 833, chukua 8,333, zidisha kwa 6, gawanya kwa 833. Jibu ni mita 60. Kwa umbali huo pikseli moja hubeba takriban milimita 7.2 za jiwe. Kama kutoka usawa wa maji hadi kileleni zimehesabika pikseli 1,100, jabali lina mita 7.9.

Hesabu imekwisha, na mtoto wa sekondari anaiweza. Ufundi uko kwingine.

Uko kwanza katika kuizuia shingo. Ukifika kigingi cha pili, mkono wenyewe unataka kugeuza kamera ili jabali likae tena katikati ya picha, kama tulivyozoea kumpiga mtu picha. Ukifanya hivyo, umeufuta ule mruko uliokuja kuutafuta. Hata ukigeuza digrii moja tu, bila kujua, picha nzima husogea karibu pikseli 145. Ukiwa umeielekeza kamera ndani kidogo, kwenye jiwe, zile 833 zitasomeka 688, na jabali litakimbia hadi mita 73. Nje kidogo, litasogea hadi mita 51. Jiwe halijatikisika, ni wewe.

Pimamaji haiwezi kukuonya hapa, kwa kuwa inajua kuinama na kulala upande tu, haijui kugeuka. Mpimaji mzoefu hutafuta shahidi wa mbali. Busisi shahidi huyo ni rahisi: chagua nguzo au paa upande wa Kigongo, kama kilomita 3 ng'ambo ya ghuba, na ulenge upande huo kutoka vigingi vyote viwili. Kitu kilicho mbali hivyo kinatakiwa kusogea pikseli 17 tu baina ya picha. Ukikuta kimesogea 60, au kimerudi nyuma, kamera iligeuka, na unajua pia iligeuka kwa kiasi gani. Wenye programu za kisasa huacha kompyuta itafute pembe hizo kwa kulinganisha alama nyingi za picha zote mbili, na kamera inaweza kuelekezwa utakavyo. Lakini kompyuta hiyo nayo haijui ukubwa wa chochote mpaka uipe urefu mmoja uliopimwa.

Ufundi wa pili ni kuwa na hakika kwamba alama ya kushoto ndiyo hiyohiyo ya kulia. Mnandi hupenda kutua kwenye majabali haya, na kinyesi chake huacha michirizi myeupe. Katikati ya mchirizi hapafai kabisa, kwa kuwa weupe ni uleule kila upande. Ukingo wake, pale unapokatana na ufa, unafaa sana. Kwa mita 60, kukosea pikseli moja hukugharimu sentimita 7 za umbali. Kwa mita 300 kosa lilelile ni karibu mita 1.8, kwa sababu umbali ukizidi mara tano, kosa huzidi mara ishirini na tano. Mtu atasema basi vigingi viwe mbali zaidi. Ni kweli, mpaka pale kamera mbili zinapoanza kuona nyuso tofauti za jiwe, na ule ufa uliouona kushoto ukajificha kulia. Sehemu moja ya kumi ya umbali, kama mita 6 kwa 60, ni mahali pazuri pa kuanzia.

Nawavulia kofia hasa waliofanya kazi hii kwa macho yao wenyewe. Ramani za Tanganyika zilizotokana na picha za angani zilichorwa na watu walioinamia mitambo yenye lenzi pacha, jicho moja kwa picha moja, hadi ardhi ikainuka mbele yao. Ndani ya mtambo palikuwa na nukta ndogo iliyoonekana kuelea. Mchoraji aliishusha mpaka iguse ardhi, isizame wala isining'inie, kisha akaitembeza kwa kimo kilekile kuzunguka kilima. Mstari ulioachwa na kalamu ndiyo kontua. Mbinu ya picha pacha ndiyo iliyotumika pia mwaka 1995 kule Laetoli, timu ya Heinz Rüther kutoka Chuo Kikuu cha Cape Town ilipopima nyayo zenye umri wa miaka milioni 3.6 kabla hazijafukiwa tena. Zipo nyayo ambazo hustahili kuzigusa hata kwa rula.

Maji, lakini, hayapimiki hivi kwa kamera moja. Wimbi uliloliona kushoto limeshakufa unapofika kulia. Mtumbwi ulio kando ya jabali ukisukumwa na upepo sentimita 20 tu kushoto au kulia baina ya picha mbili, mruko wake unabadilika kwa pikseli 28, nao unaonekana umesogea mita 2 mbele au nyuma. Magugu maji ndiyo wadanganyifu zaidi, maana yana majani yenye alama nzuri za kulinganisha na yanatulia kama ardhi huku yakisafiri. Kinachoelea kinahitaji kamera mbili zinazofyatuka kwa pamoja.

Na ule usawa wa maji tulioanzia kuhesabu pikseli nao ni wa siku hiyo tu. Mwaka 2020, na tena 2024, Ziwa Victoria lilipanda sana. Ukiandika mita 7.9 kwenye daftari, andika na tarehe, au uhesabu kutoka ufa mmoja hadi mwingine juu ya jiwe lenyewe.